Kubadilisha dai ya presi kwa haraka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu presi ya umeme ya fremu ya C yenye nguvu ya tani 110, inayolishwa bati kutoka kwenye koili kupitia fida, yaani kifaa kinachosukuma bati hatua kwa hatua, na kutoa vipande vya bawaba za milango. Mashine za namna hii zipo kwenye karakana nyingi za Chang'ombe, Vingunguti na kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam. Mfano wetu una dai tatu, tutakazoziita A, B na C, zinazopokezana kwenye presi moja. Dai hapa ni lile pande la chuma lenye sehemu ya juu na ya chini linalokata na kukunja bati. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Muda wa kubadilisha dai unahesabiwa kuanzia wapi hadi wapi?

Unaanza pale kipande kizuri cha mwisho cha kazi ya zamani kinapotoka, na unaisha pale kipande kizuri cha kwanza cha kazi mpya kinapokubaliwa na mkaguzi. Kosa la kawaida ni kusimamisha saa bolti ya mwisho inapokazwa. Ukihesabu hivyo, majaribio, kupima na kurekebisha hayaonekani kabisa, na mara nyingi huko ndiko muda mwingi unakopotelea. Presi inayopiga vipande vibovu bado imesimama, hata kama inapiga kelele.

2. Kazi za ndani na kazi za nje ni zipi?

Kazi ya ndani ni ile isiyoweza kufanyika mpaka presi isimame: kufungua klampu, kutoa dai, kuingiza nyingine, kupitisha bati ndani ya dai mpya. Kazi ya nje ni ile inayoweza kufanyika wakati presi bado inapiga kazi ya zamani, au baada ya kazi mpya kuanza: kuleta dai kutoka stoo, kuisafisha chini, kupanga spana na bolti, kurudisha dai ya zamani.

Swali la kuuliza kwa kila kitendo ni moja tu: je, hili lingeweza kufanyika presi ikiwa inapiga, bila mtu kuingiza mkono eneo la hatari? Likiwezekana, ni la nje, hata kama kwa miaka yote limekuwa likifanyika presi ikiwa imesimama. Watu huchanganya "tunavyofanya sasa" na "inavyolazimika kufanywa". Kazi yote ya kutenganisha inatokana na kutofautisha hayo mawili.

3. Wazo hili lilitoka wapi, na lengo la chini ya dakika 10 ni la kweli?

Lilikuzwa na mhandisi Mjapani Shigeo Shingo. Mwaka 1950, katika kiwanda cha Toyo Kogyo, watengenezaji wa magari ya Mazda huko Hiroshima, alikuwa akifuatilia ubadilishaji wa dai kwenye presi ya tani 800. Fundi alikosa bolti moja ya kufungia, akaondoka kuitafuta, na presi ikakaa zaidi ya saa nzima ikimsubiri. Hapo ndipo alipogawa kazi kuwa za ndani na za nje. Mwaka 1969 kampuni ya Toyota ilikuwa ikitumia saa 4 kubadilisha dai ya presi ya tani 1,000. Walishuka kwanza hadi dakika 90, kisha hadi dakika 3.

Mbinu yenyewe hufupishwa kwa herufi SMED, kutokana na maneno ya Kiingereza Single-Minute Exchange of Die, na lengo lake ni muda wa dakika za tarakimu moja, yaani zisizofika 10. Ni lengo la kweli, lakini kwa presi ya koili yenye vifaa vya kawaida usilitarajie kwenye mzunguko wa kwanza. Swali la 17 linaeleza kinachozuia.

## Kupima kabla ya kugusa chochote

4. Nipimeje kazi ilivyo sasa?

Rekodi video ya badilisho zima, simu ikiwa juu ya stendi mahali panapoonyesha presi na njia ya kwenda stoo. Saa peke yake haitoshi, kwa sababu mtu anayeandika hukosa kuona yanayotokea upande wa pili wa mashine. Waambie mafundi mapema kwamba kinachopimwa ni kazi, si mtu, kisha itazameni pamoja. Wao ndio watakaosema kwa nini ile nati ilifunguliwa mara mbili.

Mnapotazama, andikeni kila kitendo na dakika zake, hata kama ni "amesimama anasubiri". Fundi anapotoka kabisa kwenye picha, andikeni alikwenda wapi na kufuata nini. Matembezi hayo ndiyo dhahabu ya zoezi hili, maana karibu yote ni kazi za nje zilizojificha ndani ya muda wa presi.

5. Matokeo ya kipimo huwaje? Nipe mfano wenye namba.

Huu ni mfano wa kutoa dai A na kuingiza dai B, fundi mmoja na msaidizi asiye na kazi maalumu:

| Kitendo | Dakika |
|---|---|
| Kutafuta spana, bolti na vipande vya kuegemezea klampu | 9 |
| Kufungua klampu na kulegeza dai A | 8 |
| Kusubiri foklifti, kupeleka A stoo, kurudi na B | 14 |
| Kusafisha meza ya presi na chini ya dai B | 4 |
| Kuingiza B na kuilenga katikati | 9 |
| Kurekebisha kimo cha kufunga | 7 |
| Kukaza klampu | 6 |
| Kuweka koili mpya, kupitisha bati, kuweka hatua ya fida | 8 |
| Majaribio, kumsubiri mkaguzi, kurekebisha | 15 |

Jumla ni dakika 80. Kufungua na kukaza, yaani ile kazi ambayo kila mtu huiona kuwa ndiyo kubadilisha dai, ni dakika 14 tu. Ndiyo maana kununua spana ya upepo kama hatua ya kwanza hukatisha tamaa: hata ingepunguza kufungua na kukaza kwa nusu, ungebaki na dakika 73.

## Kutenganisha kazi bila kununua chochote

6. Nianze kutoa nje kazi zipi?

Anza na kutafuta, kisha kusafirisha, kisha kusubiri. Kwa mfano wetu, dakika 9 za kutafuta zinapaswa kuwa sifuri. Tengeneza troli moja ya dai zote tatu, yenye ubao uliochorwa umbo la kila kifaa: spana ya 30 kwa nati za M20, nyundo ya plastiki, bolti za kichwa cha T nane, vipande vya kuegemezea, tambara, brashi, geji za kupimia na kadi ya dai. Nafasi ikiwa tupu, inaonekana kabla presi haijasimama. Kifaa cha troli kisitumike kwa kazi nyingine yoyote. Spana ikiazimwa "mara moja tu" kwenda mashine ya jirani, mmerudi kwenye zile dakika 9.

Msaidizi aanze maandalizi vipande vikiwa vimebaki vya dakika 30 hivi. Analeta dai B karibu na presi, anaigeuza upande na kuisafisha chini, anaangalia kama punchi zina kutu au ukucha, yaani ule ukingo mkali wa chuma unaobaki baada ya kukata, anahakikisha matundu ya skrapu hayajaziba. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, hivyo dai iliyorudishwa stoo bila kupakwa mafuta hukutwa na kutu wiki mbili baadaye. Kutu ya chini ya dai ikiondolewa mezani kwa presi, inakuwa kazi ya ndani. Ikiondolewa kwenye troli mapema, haigharimu hata dakika moja ya presi.

Baada ya hatua hii pekee mfano wetu unashuka hadi dakika 50: kutafuta kumeondoka (9), safari ya foklifti imebaki dakika 3 badala ya 14, usafi umebaki 2, koili imebaki 6, na majaribio 9.

7. Foklifti ni moja kwa kiwanda kizima. Nitatoaje usafirishaji nje?

Usihitaji foklifti kwa muda mrefu, na uihitaji kwa saa inayojulikana. Kinachokula dakika 14 si uzito wa dai, ni kwamba dai A inapelekwa stoo ndipo dai B ifuatwe, presi ikisubiri safari zote mbili. Dai B ikiwa tayari imeletwa kando ya presi, foklifti inatoa A na kuiweka sakafuni kwenye mbao mahali palipochorwa rangi, inaingiza B, inaondoka. A inarudishwa stoo wakati wowote siku hiyo.

Opereta wa presi amjulishe dereva wa foklifti mara mbili: nusu saa kabla, na tena vipande vya mwisho vinapotoka. Kama dereva bado anachelewa, pima ucheleweshaji wake peke yake kwa wiki mbili na uupeleke kwa msimamizi. Huo utakuwa ushahidi wa kutosha wa kuomba meza ya magurudumu yenye kimo sawa na meza ya presi.

8. Mkaguzi huchukua dakika nyingi kupima kipande cha kwanza. Hiyo si kazi ya ndani?

Kupima ni kwa ndani, lakini kumsubiri si kwa ndani. Mkaguzi aitwe dai inapokuwa inakazwa, na geji za kazi hiyo ziwe kwenye troli zikiwa zimeshahakikiwa. Inasaidia zaidi ukikubaliana naye vipimo vichache vinavyotosha kuruhusu kazi ianze. Kwa bawa la bawaba ni nafasi kati ya matundu, kipenyo cha mviringo wa pini na urefu wa ukucha kwenye kingo. Vipimo vingine vya ripoti vichukuliwe presi ikiwa inapiga, na vipande vya mwanzo viwekwe kando mpaka ripoti itoke.

Weka pia kipande kizuri cha mwisho cha kila dai, kikiwa na ukanda wa bati wenye hatua zote, kifungwe pamoja na dai yenyewe. Ukanda huo unamwambia fundi hali ya punchi kabla dai haijapanda mezani. Ukucha ukiwa mrefu, dai inanolewa leo, si kesho presi ikiwa imesimama.

9. Koili ni kazi ya ndani au ya nje?

Imegawanyika. Kuleta koili, kuthibitisha unene na upana wake kwa vernia, na kukata ncha yake vizuri ni kazi za nje. Mikanda ya kuifungia ikatwe koili ikiwa imeshashikiliwa kwenye stendi, si sakafuni, kwa sababu bati lililokazwa likiachiwa ghafla huruka kama kisu.

Kuipandisha kwenye stendi ni ya ndani kama stendi ina mkono mmoja, maana koili ya zamani bado imeukalia. Hata hivyo inaweza kwenda sambamba na kazi ya dai, kama swali la 13 linavyoeleza. Kupitisha bati ndani ya dai hakukwepeki kuwa kwa ndani.

## Kugeuza za ndani ziwe za nje, na kufuta marekebisho

10. Kwa nini kimo cha kufunga hutusumbua kila mara, na tunakiondoaje?

Kimo cha kufunga ni umbali kati ya meza na kichwa cha presi kikiwa chini kabisa, na lazima ulingane na kimo cha dai ikiwa imefungwa. Dai zikitofautiana kimo, kila badilisho ni marekebisho mapya. Dawa yake ni kuzifanya dai zote zilingane kimo mara moja kwa kudumu, kwa kuzifungia sahani za chuma. Kazi hiyo hufanyika kwenye benchi, yaani nje.

Hapa wengi hukosea kwa kuweka sahani yote chini. Dai ikinyanyuliwa, mstari unaopitia bati nao unapanda, na fida inabaki chini yake. Bati linaingia likiwa limepinda, pini za kulenga zinalivuta, na matundu yanakuwa mayai. Kwa hiyo sawazisheni vitu viwili: kwanza kimo cha mstari wa bati kwa sahani ya chini, kisha kimo kizima kwa sahani ya juu. Kwa dai zetu, kwa milimita:

| Dai | Kimo | Mstari wa bati | Sahani ya chini | Sahani ya juu |
|---|---|---|---|---|
| A | 262 | 138 | 32 | 16 |
| B | 285 | 145 | 25 | haina |
| C | 240 | 120 | 50 | 20 |

Zote sasa zina mstari wa bati wa 170 na kimo cha 310. Anza hesabu na dai ndefu kuliko zote, uhakikishe kwamba kimo kipya kinaingia kwenye presi yako. Presi ya mfano huu inafunga kati ya 250 na 350, hivyo 310 inaacha nafasi pande zote. Angalia pia kwamba dai C yenye 240 isingefunga kabisa bila kuinuliwa. Ndiyo iliyokuwa ikiwekewa vipande vya kubahatisha kila inapopanda.

Sahani zichongwe na kusagwa ziwe sambamba, zisikatwe tu kwa gesi. Matundu ya skrapu lazima yaendelee kwenye sahani ya chini, yakiwa mapana kidogo kuliko ya dai. Tundu likiwa dogo, skrapu hujazana na kurudi juu, na dalili yake ya kwanza ni punchi iliyovunjika.

11. Kulenga dai katikati kunachukua dakika 9. Kuna njia isiyotumia rula?

Weka pini mbili nene nyuma ya meza ya presi, na kwenye ukingo wa nyuma wa kila dai chonga mkato wa V upande mmoja na mkato ulionyooka upande wa pili. Dai inasukumwa nyuma mpaka inagusa pini zote. V inaamua kushoto na kulia, ukingo ulionyooka unazuia dai isizunguke. Usiweke V mbili wala matundu mawili yanayobana, kwa sababu tofauti ndogo ya nafasi kati ya dai na dai itafanya moja ikwame.

Pini zinaonyesha mahali tu. Nguvu ya kushikilia inabaki kwa klampu. Adui wa njia hii ni chembe ya skrapu kwenye V. Dai inakaa imepinda kidogo sana usione kwa macho, lakini bati linaanza kuelekea upande mmoja baada ya mapigo machache. Ukiona hivyo usirekebishe fida. Toa dai nyuma, pangusa V, isukume tena.

12. Klampu zenyewe zinaweza kuwa za haraka bila kununua za haidroliki?

Zinaweza sana. Nati ya M20 husogea milimita 2.5 kwa mzunguko mmoja. Mahali pa kubana pakitofautiana kimo kwa milimita 40 kati ya dai na dai, fundi anazungusha mara 16 kwa kila bolti, na kwa bolti nane ni mizunguko 128 isiyobana chochote. Kinachobana ni mzunguko wa mwisho tu. Kwa hiyo, unapotengeneza sahani za swali la 10, chonga sehemu ya kubana iwe na unene mmoja kwa dai zote. Hapo bolti hazibadilishwi, vipande vya kuegemezea havibadilishwi, na nati inalegezwa mzunguko mmoja au miwili ndipo klampu irudishwe nyuma.

Bolti iwe karibu na dai kuliko na kipande cha kuegemezea, na kipande hicho kiwe sawa na ukingo wa dai au kiuzidi kidogo sana. Kikiwa chini, klampu inainamia nyuma na kugusa dai kwenye ukingo wake wa nje tu. Bolti ikiwa mbali na dai, nguvu nyingi inakwenda kwenye kipande badala ya dai. Dalili ni alama zinazong'aa chini ya dai zinapotolewa, na nati zinazolegea katikati ya kazi. Kwa sehemu ya juu, inayoning'inia kwenye kichwa cha presi, usifanye mzaha wowote na idadi ya bolti ili kuokoa muda.

13. Watu wawili wanasaidia kweli, au wanagongana?

Wanasaidia wakiwa na orodha mbili zilizoandikwa, la sivyo mmoja hutazama. Mtu wa kwanza ana mbele ya presi, wa pili ana nyuma na koili. Kila mmoja anafungua klampu za upande wake, na wa pili anaipandisha koili wakati wa kwanza anasafisha meza na kupokea dai.

Baada ya maswali ya 10 hadi 12, dakika 50 zimekuwa 27: kufungua 4, foklifti 3, usafi 2, kulenga 3, kimo 1, kukaza 3, koili 6, majaribio 5. Katika dakika 6 za koili, 4 za kuipandisha zinakwenda sambamba na dai, 2 za kupitisha bati zinabaki. Klampu zikigawanywa, kufungua kunakuwa 2 na kukaza 2. Jumla ni dakika 20. Kimo kimebakiza dakika 1 kwa sababu bado kinathibitishwa. Swali la 15 linaeleza kwa nini.

Jambo moja lisilojadiliwa: amri ya kuwasha presi itoke kwa mtu mmoja, aliyetajwa kwa jina kwenye kadi, baada ya mwenzake kujibu kwa sauti kwamba yuko nje.

## Hali maalumu na mambo yanayoharibika

14. Haraka hii haiongezi hatari?

Inaongeza ikiwa watu wanakimbia. Mbinu hii inaondoa vitendo, haiongezi mwendo. Mambo mawili yabaki ya ndani daima hata yakigharimu dakika. La kwanza: kabla mkono haujaingia kati ya dai, mota izimwe, swichi kuu ifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao fundi, na gurudumu zito lisubiriwe lisimame kabisa. Gurudumu huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya mota kuzimwa, na lina nguvu ya kutosha kupiga pigo zima. La pili: kichwa kizuiwe kwa nguzo ya usalama. Nguzo hiyo iunganishwe na plagi inayokata umeme wa kuendesha presi, ili presi isiweze kuwashwa ikiwa nguzo imesahaulika ndani.

Upande wa kazi za nje, troli na dai inayosubiri zikae nje ya mstari uliochorwa. Msaidizi anayeandaa dai huku presi inapiga hapaswi kufika mezani kwa sababu yoyote.

15. Dai zina kimo kimoja sasa, mbona vipande vimeanza kutokatika vizuri?

Kwa sababu ya kunoa. Kila dai inaponolewa punchi hupungua sehemu ya milimita, na baada ya kunolewa mara kadhaa haiingii tena kwa kina kilekile. Opereta huona ukucha unakua au kipande kinaning'inia, na hushusha kichwa cha presi. Dai inayofuata, ambayo haikunolewa, inakuta kimo kimeshushwa na inagonga kupita kiasi.

Rekebisha kwenye dai, si kwenye presi: fundi wa dai aweke shimu, yaani bati jembamba la kujazia, chini ya punchi kwa unene uleule aliousaga, kisha apime kimo na kuandika kwenye kadi kabla dai hairudi stoo. Kimo cha presi kibaki 310. Kila dai inapopanda, fundi asogeze kichwa polepole hadi chini kwa mkono au kwa hatua ndogo ndogo, ndipo apige pigo la kwanza. Ukilazimika kugusa kimo, anza juu kuliko unavyotaka ufikie namba ukishuka. Ukifika kwa kupanda, ulegevu wa skrubu unakudanganya.

16. Umeme ukikatika katikati ya badilisho, muda huo unahesabiwa?

Uandike, lakini kwenye safu yake, usichanganye na kazi. Ukiuchanganya, wiki yenye mgao itaonekana kama mafundi wameharibu, na wiki nzuri itaonekana kama maboresho. Kazi za nje ziendelee wakati huo, isipokuwa zinazohitaji umeme.

Umeme ukirudi usianze mara moja. Subiri kompresa irudishe shinikizo kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye kadi, kwa sababu breki na klachi za presi nyingi, pamoja na mitungi inayobeba uzito wa kichwa, hutegemea hewa. Angalia pia kama fida imepoteza hatua yake. Fida inayokumbuka nafasi vibaya itasukuma bati nusu hatua, na pigo la kwanza litavunja pini ya kulenga. Kichwa kikiwa kimesimama chini kabisa dai ikiwa imefungwa, fuata utaratibu wa mtengenezaji wa presi wa kukitoa. Usikilegeze kwa kufungua bolti za dai.

17. Tumefika dakika 20 na hatushuki. Tumekwama wapi?

Angalia kilichobaki: foklifti 3, majaribio 5, na kufungua, kukaza na kulenga 7 kwa pamoja. Hizo haziondoki kwa utaratibu peke yake. Foklifti huondolewa na meza ya magurudumu yenye nafasi mbili, moja tupu ya kupokea A, nyingine ikiwa na B tayari, pamoja na mikono ya roli mbele ya meza ya presi. Klampu hupunguzwa na zile za haidroliki. Majaribio hupunguzwa na kadi inayosema ukweli: hatua ya fida, wakati wa kuachia bati, shinikizo la hewa ya kubeba kichwa kulingana na uzito wa dai ya juu.

Kabla ya kununua, hesabu badilisho mnazofanya. Kama ni mbili kwa shifti, dakika 10 zaidi zinaokoa dakika 20 kwa shifti, na huenda pesa hiyo inahitajika zaidi kwenye kunoa dai. Kama mnataka kufanya nane, hesabu inageuka.

18. Dakika zilizookolewa tuzitumie kuzalisha zaidi au kubadilisha mara nyingi zaidi?

Inategemea stoo yako inasema nini. Zamani, badilisho mbili kwa shifti zilikula dakika 160. Kwa dakika 20 kila moja, dakika hizohizo 160 zinatosha badilisho nane. Kama bawaba za A zimejaa stoo hadi mlangoni huku wateja wa C wanasubiri, piga mikupuo midogo na ubadilishe mara nyingi. Kama oda ni kubwa na presi haitoshi, baki na badilisho mbili uchukue dakika 120 za kupiga.

Ukichagua mikupuo midogo, jua kwamba maandalizi ya nje nayo yanaongezeka mara nne. Msaidizi aliyekuwa na troli moja na muda wa kutosha sasa anahitaji dai C iwe imesafishwa kabla A haijamaliza nusu. Kama hakuna mtu wa kazi hiyo, kazi za nje zitarudi kimya kimya kuwa za ndani, na utaliona hilo kwanza kwenye ubao wa troli: nafasi tupu presi ikiwa imeshasimama.